Ubuntu ndani ya VirtualBox kwenye laptopu ya GB 8: RAM kiasi gani, diski ipi, skrini vipi

Tuchukue laptopu ambayo wengi wanayo: RAM ya GB 8, SSD ya GB 256, skrini ya pikseli 1366 kwa 768, na Windows 11 ndiyo inayoiendesha. Mwenye laptopu anataka kujifunza Linux bila kuifuta Windows, kwa hiyo amepakua VirtualBox, programu ya kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta, pamoja na faili la ISO la Ubuntu 24.04. Anabonyeza New, na baada ya jina la mashine anaanza kuulizwa maswali. RAM kiasi gani? Diski ya ukubwa gani? Akiingia kwenye Settings anakuta na ukurasa mzima wa Display, wenye majina ya ajabu kama VMSVGA. VirtualBox inampendekezea RAM ya MB 2048 na diski ya GB 25, naye anabaki kujiuliza kama akubali au aongeze.

Kabla ya kulinganisha namba, tazama gharama ya kukosea katika kila swali, maana hazilingani. RAM ukiikosea, unazima mashine pepe, unabadilisha namba moja, unawasha tena. Mipangilio ya skrini ni hivyo hivyo. Diski ni habari nyingine: unaweza kuipanua baadaye, ila ni kazi ya hatua kadhaa, na kupunguza kikomo chake VirtualBox haikuruhusu kabisa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa laptopu hii ni kubana kwenye RAM, kulegeza kwenye diski, na kwenye skrini kuanza na mipangilio ya kawaida kisha kupima. Sasa tuone kwa nini.

RAM: 2048, 3072 au 4096

Katika maelezo haya Windows ni mwenyeji na Ubuntu ni mgeni. RAM unayompa mgeni inatoka mfukoni mwa mwenyeji. Ubuntu ikiwa imewaka na kufanya kazi, hiyo MB 3072 uliyoiandika hesabu kwamba Windows haina tena. Ndiyo maana swali la kwanza ni Windows inabakiwa na nini, na swali la Ubuntu inataka nini linafuata baadaye.

Watu wengi huamini ile rangi ya kijani kwenye kitelezi cha Base Memory. Rangi hiyo huhesabiwa kutokana na RAM yote iliyomo kwenye kompyuta, si ile iliyo wazi kwa wakati huo. Laptopu ya GB 8 itakuonyesha kijani hadi mbali hata kama kivinjari chako kimefungua kurasa thelathini na Windows inahema. Rangi nyekundu iheshimu, lakini kijani usikichukulie kama ruhusa.

Kipimo cha kweli ni hiki. Fungua kwenye Windows vitu utakavyovitumia sambamba na Ubuntu: kivinjari chenye masomo yako, pengine WhatsApp ya kompyuta, na faili la PDF. Kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, halafu Memory, usome namba iliyo chini ya Available. Ondoa GB 1 kwa ajili ya VirtualBox yenyewe na nafasi ya Windows kupumua. Kinachobaki ndicho kikomo cha mgeni. Tuseme laptopu yetu inaonyesha Available ya GB 4.1. Ukitoa moja inabaki GB 3.1, yaani MB 3072 inaingia na MB 4096 haiingii.

Sasa tuziweke namba tatu pamoja. Ukimpa Ubuntu MB 2048, mfumo utawaka, utafungua terminal, utaandika programu ndogo za Python, na kila kitu kitaonekana sawa mpaka ufungue Firefox. Hapo kurasa mbili tatu zinatosha kuijaza RAM, na Ubuntu inaanza kuhamishia vitu kwenye faili la swap lililo diskini. Unaiona kwa macho: kishale cha mausi kinakwama, dirisha linageuka kijivu, taa ya diski haizimi. Ukimpa MB 4096, ambacho ndicho kiwango ambacho Ubuntu yenyewe inapendekeza kwa toleo lake la kawaida, ndani ya mashine pepe utaona raha, lakini nje Windows ndiyo itakayoanza kuhamishia vitu diskini. Windows ikikwama, Ubuntu inakwama pia, kwa sababu inaishi ndani yake. Watu wengi wakifika hapo humwongezea mgeni RAM zaidi na hali inazidi kuharibika. Namba ya katikati, MB 3072, huwaacha wote wawili wakifanya kazi, mradi usiwe na kivinjari kizito pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kuna wakati mmoja ambapo MB 4096 ni chaguo sahihi hata kwenye laptopu hii, nao ni wakati wa kusakinisha. ISO ya Ubuntu inawaka kama mfumo kamili ndani ya RAM, faili la swap bado halijatengenezwa, na programu ya usakinishaji inakaa juu ya hayo yote. Mahitaji ya saa hiyo ni makubwa kuliko ya mfumo uliokwisha kusakinishwa. Usakinishaji unaogota katikati, au dirisha linalojifunga lenyewe bila maelezo, mara nyingi ni RAM. Basi funga kivinjari na kila kitu kwenye Windows, mpe Ubuntu MB 4096, sakinisha, zima, kisha shusha hadi 3072 kwenye Settings, System, Base Memory.

Baada ya hapo usikisie, pima. Ndani ya Ubuntu fungua kazi zako za kawaida kisha andika:

```
free -h
vmstat 1
```

Kwenye jibu la `free`, safu ya kutazama ni `available`. Ile ya `free` huwa ndogo siku zote kwa sababu Linux hutumia RAM iliyo wazi kuhifadhi nakala za mafaili, na huirudisha programu ikiihitaji. Kwenye `vmstat`, tazama safu za `si` na `so`, yaani vinavyorudi kutoka kwenye swap na vinavyopelekwa huko, kwa nusu dakika. Zikiwa sifuri, au zikiruka mara moja moja tu, RAM inatosha na ukiongeza hutaona tofauti. Zikiwa na namba mfululizo ilhali hujafungua kitu kipya, mgeni ana njaa ya kweli. Wakati huo rudi Windows ukaangalie Available kabla ya kumwongezea. Ikiwa hata huko hakuna kilichobaki, dawa ni mgeni mwepesi zaidi, na nitamfikia.

Mashine pepe ikikataa kuwaka kabisa na ujumbe ukiwa na neno `VERR_NO_MEMORY`, maana yake ni kwamba mwenyeji hakuwa na RAM ya kukupa wakati huo. Funga programu, ujaribu tena.

Diski: GB 25 au 50, inayokua au iliyojazwa mwanzo

Maswali mawili huchanganywa hapa. La kwanza ni kikomo, yaani namba ambayo Ubuntu itaiona kama ukubwa wa diski yake. La pili ni jinsi faili la diski hiyo linavyokaa kwenye SSD yako. Usipotia alama kwenye Pre-allocate Full Size, VirtualBox hutengeneza faili la VDI linaloanza likiwa dogo sana na kukua kadiri Ubuntu inavyoandika. Ukitia alama, faili linachukua ukubwa wote siku hiyo hiyo.

Kwenye SSD mimi huchagua faili linalokua, bila kusita. Faida ya lile lililojazwa mwanzo ni kwamba VirtualBox haina kazi ya kulipanua wakati Ubuntu inaandika. Kwenye SSD tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba hutaihisi. Kwenye diski ya zamani inayozunguka inaweza kuonekana kidogo, kwa sababu faili linalokua polepole hutawanyika vipande vipande na kichwa cha diski kinakimbia huku na huko. Sababu nyingine ya kulijaza mwanzo ni usalama wa nafasi: ukishachukua GB 25 zako, hakuna masasisho ya Windows yatakayokuja kuzila. Hiyo ni sababu ya maana kwenye seva, ila kwa mwanafunzi mwenye SSD ya GB 256 ni anasa.

Kwa kuwa faili linakua tu inapohitajika, kikomo kikubwa hakikugharimu kitu siku ya kwanza. Ubuntu ikishasakinishwa, faili huwa kwa kawaida kati ya GB 8 na 12, uwe umeandika 25 au 50. Tofauti inakuja miezi inayofuata. Kikomo cha GB 25 kinatosha mtu wa terminal na programu ndogo. Ukianza kusakinisha Android Studio, au kuvuta picha za Docker, au kuweka hifadhidata ya mradi, GB 25 zinaisha na unaanza kufuta vitu ili upate pa kuweka vingine. Kwa kazi kama hizo weka 50.

Lakini kikomo lazima kilingane na nafasi halisi, na hapa ndipo hesabu inapohitajika. SSD ya GB 256 inaonekana kwenye Windows kama GB 238 hivi, kwa sababu mtengenezaji anahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024. Tuseme zimebaki GB 70. Acha 15 kwa Windows, maana masasisho yake makubwa yanataka uwanja. Zimebaki 55. Kila unapofunga mashine pepe kwa Save the machine state, RAM ya mgeni inaandikwa diskini, kwa hiyo weka kando GB 3. Zinabaki 52, na kikomo cha 50 kinaingia, kwa sharti kwamba hutajaza snapshot, yaani kumbukumbu za hali ya mashine pepe unazoweza kuzirudia. Snapshot moja ikichukuliwa, faili la mwanzo linagandishwa na mabadiliko yote yanaandikwa kwenye faili jipya pembeni, ambalo nalo linaweza kukua hadi kikomo kile kile. Snapshot tatu za muda mrefu zinaweza kuivunja hesabu yote hii. Chukua moja kabla ya jaribio la hatari, na jaribio likipita salama, ifute.

Kama nafasi iliyobaki kwenye Windows ni GB 30 tu, usiandike 50 kwa matumaini. VirtualBox itakubali bila kukuonya, na Ubuntu itaamini ina GB 50. Siku SSD ikijaa, mashine pepe itasimama ghafla na ujumbe wenye `DrvVD_DISKFULL` utakuambia diski ya mwenyeji imejaa. Ujumbe huu huwachanganya watu kwa sababu ndani ya Ubuntu `df -h` inaonyesha nafasi tele. Usizime mashine kwa nguvu. Imesimamishwa tu, haijafa. Futa au hamisha vitu kwenye Windows hadi upate GB kadhaa, kisha uiruhusu iendelee kutoka kwenye menyu ya Machine.

Jambo jingine ambalo huwashangaza wengi: faili linalokua halipungui. Ukipakua kitu cha GB 10 ndani ya Ubuntu kisha ukakifuta, Ubuntu inapata nafasi yake, lakini VDI kwenye Windows inabaki na unene ule ule. Ipo njia ya kuibana, ya kuandika sifuri kwenye nafasi tupu ndani ya mgeni na kisha kutumia `VBoxManage modifymedium` na `--compact`, ila ni ndefu na haifai kuwa ndiyo mpango wako. Mafaili makubwa yasiyo ya Linux, kama video za masomo, yaache upande wa Windows na uyasome kupitia Shared Folders.

Na ikiwa ulikwisha kubali GB 25 na zinakaribia kuisha? Panua kabla hazijaisha kabisa, kwa sababu Ubuntu iliyojaa mia kwa mia wakati mwingine hushindwa hata kuingia kwenye ukurasa wa kazi. Futa snapshot zote kwanza, zima mashine pepe kabisa badala ya kuihifadhi hali yake, halafu kwenye Command Prompt ya Windows andika, ukiweka njia ya faili lako:

```
cd "C:\Program Files\Oracle\VirtualBox"
VBoxManage modifymedium disk "D:\VM\Ubuntu\Ubuntu.vdi" --resize 51200
```

Namba ya mwisho ni MB, yaani GB 50. Hatua hii imeongeza ukubwa wa diski tu. Sehemu ya diski inayokaliwa na Ubuntu bado ni ile ya zamani, na hapa ndipo wengi husema kupanua hakukufanya kazi. Washa Ubuntu na uandike `lsblk`. Kwa usakinishaji wa kawaida utaona `sda` ikiwa na 50G na `sda2`, yenye alama ya `/`, ikiwa na 25G kasoro. Ipanue hivi:

```
sudo apt install cloud-guest-utils
sudo growpart /dev/sda 2
sudo resize2fs /dev/sda2
```

Zingatia nafasi kati ya `sda` na `2` kwenye mstari wa pili, na isiwepo kwenye wa tatu. Kama `lsblk` inaonyesha mpangilio mwingine, usizinakili amri hizi, tumia GParted uone sehemu zote kwa picha kabla ya kugusa chochote.

Neno moja kwa wanaotaka kuweka mashine pepe kwenye flashi au diski ya nje ili waibebe. Angalia kwanza imeumbizwa vipi. FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4, na VDI itavuka hapo kabla hata Ubuntu haijamaliza kusakinishwa. Iumbize upya kwa exFAT au NTFS, ukikumbuka kwamba kuumbiza kunafuta kila kilichomo.

Skrini: Video Memory ndogo au kubwa, 3D au bila 3D

Hapa imani iliyoenea ni kwamba kupandisha Video Memory hadi MB 128 kutaifanya Ubuntu iwe nyepesi. Haitafanya hivyo. Kazi kubwa ya kumbukumbu hiyo ni kushikilia picha ya skrini, na hesabu yake ni rahisi: upana mara urefu mara baiti 4. Skrini yetu ya 1366 kwa 768 inahitaji MB 4 hivi. Skrini ya 1920 kwa 1080 inahitaji karibu MB 8, na ya 4K inahitaji kama MB 32. Kwa hiyo MB 16 inatosha kwa skrini moja ya kawaida. Ikiwa haitoshi, VirtualBox haifichi: ukijaribu kujaza skrini nzima inakuambia mgeni anahitaji angalau MB kadhaa. Mimi huweka 128 pale ninapowasha 3D au nikitumia skrini mbili, kwa sababu ni MB chache tu za mwenyeji na inaniondolea usumbufu huo, lakini sitarajii kasi yoyote kutoka hapo.

Kinachoamua wepesi ni nani anayechora madirisha. Ukurasa wa kazi wa Ubuntu, GNOME, unachora kila kitu kwa njia ya 3D. Ukiacha Enable 3D Acceleration bila alama, prosesa ndiyo inayochora badala ya kadi ya michoro, na kwenye laptopu ya prosesa dogo unaiona pale unapofungua orodha ya programu na inajikokota. Ukitia alama, kazi hiyo inapelekwa kwenye kadi ya michoro ya mwenyeji. Kwenye kompyuta nyingine hilo huleta wepesi unaoonekana papo hapo. Kwenye nyingine linaleta skrini nyeusi, madirisha yanayomemeka, au maandishi yanayokatika, kutegemea kadi na programu zake endeshi upande wa Windows. Hakuna jedwali la kukuambia laptopu yako iko kundi gani, ila kujaribu ni rahisi. Sakinisha bila 3D. Mfumo ukishatulia, uzime, tia alama, washa, ufanye kazi kwa siku moja. Skrini ikiwa nyeusi, zima, ondoa alama, na hakuna ulichopoteza.

Ili ujue kama 3D imeshika kweli, andika ndani ya Ubuntu:

```
sudo apt install mesa-utils
glxinfo | grep "OpenGL renderer"
```

Jibu likiwa na `llvmpipe`, prosesa ndiyo inayochora, hata kama alama umeiweka. Likiwa na `SVGA3D`, kadi ya michoro inafanya kazi.

Graphics Controller kwa Ubuntu iache VMSVGA. Ndiyo VirtualBox inayochagua yenyewe kwa Linux. VBoxSVGA ni ya Windows kuanzia Windows 7, na VBoxVGA ni ya mifumo ya zamani zaidi, nayo haina 3D. Kwenye mabaraza kuna ushauri mwingi wa miaka iliyopita wa kubadilisha hapa ili skrini ikubali kukua. Mara nyingi tatizo huwa ni jingine. Toleo lako la VirtualBox likiwa 7.1 au jipya zaidi na huoni baadhi ya sehemu hizi, bonyeza Expert juu ya dirisha la Settings.

Dirisha dogo ambalo halikui ukilivuta huwa ni dalili ya kukosekana kwa Guest Additions, programu za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya mgeni. Kwenye Ubuntu njia fupi ni hii, kisha uwashe upya:

```
sudo apt install virtualbox-guest-utils virtualbox-guest-x11
```

Hakikisha pia Auto-resize Guest Display ina alama kwenye menyu ya View. Kwenye skrini ya 1366 kwa 768 utafanya kazi vizuri zaidi ukijaza skrini nzima kwa Ctrl ya kulia pamoja na F, kwani pau za Windows na za VirtualBox zinakula sehemu kubwa ya urefu. Mwenye skrini ya 4K ana shida iliyo kinyume, maandishi madogo kama chawa, naye dawa yake ni Scale Factor kwenye ukurasa wa Display, aipandishe hadi 150 au 200.

Ikiwa laptopu yako si hii

Jedwali hili lina namba ambazo ningeanzia. Baada ya hapo vipimo vya `vmstat` na Available ndivyo viamue.

| RAM ya mwenyeji | Mgeni | RAM ya mgeni | Kikomo cha diski | Skrini |
|---|---|---|---|---|
| GB 4 | Ubuntu Server | MB 1536 | GB 20 | MB 16, bila 3D |
| GB 8 | Xubuntu 24.04 | MB 2048 | GB 40 | MB 16, bila 3D |
| GB 8 | Ubuntu 24.04 | MB 3072 | GB 50 | MB 128, jaribu 3D |
| GB 16 | Ubuntu 24.04 | MB 6144 | GB 60 | MB 128, jaribu 3D |
| GB 16 | Windows 11 | MB 6144 | GB 80 | MB 128, jaribu 3D |

Mstari wa Xubuntu ndio ningependa mwenye GB 8 autazame mara mbili. Ni Ubuntu ile ile chini, amri zile zile, vifurushi vile vile vya `apt`, isipokuwa ukurasa wake wa kazi ni Xfce, ambao unakula RAM kidogo na hauhitaji 3D ili uende vizuri. Mtu ambaye `vmstat` yake haitulii kwenye 3072 na Windows yake haina cha kumwongezea, huyu ndiye mgeni wake. Anachokosa ni sura ya GNOME tu.

Mwenye GB 4 asijidanganye na ukurasa wa kazi wowote. Ubuntu Server haina madirisha kabisa, na terminal yake inaweza kufunguliwa kutoka Windows kwa `ssh`, hivyo hata mipangilio ya skrini haimhusu. Wakati wa kusakinisha, afunge kila kitu kingine.

Windows 11 kama mgeni sijaiweka kwenye GB 8 kwa makusudi. Kiwango chake cha chini kabisa ni RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo VirtualBox inaiga kuanzia toleo la 7.0. Ukiitoa GB 4 kwenye laptopu ya GB 8, Windows mbili zinagombea kilichobaki, na diski ya GB 64 hairuhusiwi kwenye ile hesabu yetu ya GB 55.

Na ikiwa umepima kila kitu, RAM inatosha, `si` na `so` ni sifuri, 3D umejaribu pande zote, na bado Ubuntu inakokota, tazama upau wa chini wa dirisha la VirtualBox. Ukiona alama ya kobe wa kijani, Windows imewasha Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa mashine pepe, na VirtualBox inalazimika kupita juu yake, polepole. Hapo RAM ya ziada haitasaidia. Anzia kwenye Windows Security, chini ya Device security, Core isolation, uone kama Memory integrity imewashwa, kisha orodha ya Windows Features uone Hyper-V na Virtual Machine Platform. Kabla ya kuzima chochote hapo, jua kwamba WSL 2, njia ya Windows yenyewe ya kuendesha Linux, inategemea Virtual Machine Platform, na kwamba Memory integrity ni kinga halisi ya Windows. Mwenye kutumia hivyo viwili anaweza kuamua kuishi na kobe.